Mwalimu Aliyemezwa na Mshono

Katika picha ya darasa, mwalimu hukaa katikati. Wafupi huchuchumaa mbele, warefu husimama nyuma juu ya benchi, naye hukalia kiti kimoja kilichotolewa ofisini. Picha yetu ya mwaka 1998 iko hivyo hivyo. Tulipoipanga katika albamu ya kumuaga, tuliitandaza kurasa mbili ili kila sura ionekane vizuri, na kwenye kompyuta ilipendeza kweli. Nakala ya kwanza ilipotoka kiwandani, Mwalimu hakuwemo. Sikio lake la kulia lilikuwa ukurasa wa 18, la kushoto ukurasa wa 19, na uso wote ulikuwa umeingia kwenye mshono wa kitabu.

Bahati yetu ni kwamba ilikuwa nakala moja tu, ya majaribio. Nakala tulizotaka ni tatu: ya Mwalimu, ya maktaba ya shule, na moja ya kukaa kwetu sisi wanafunzi wake wa zamani. Kama tungechapa zote tatu kwa mkupuo, tungelazimika kuzilipia upya zote tatu. Albamu yenye picha za darasa lako haina mnunuzi mwingine duniani, na kengele yenye jina la mwalimu wako vilevile. Ndiyo maana mwenye duka harudishi fedha za kitu kilichotengenezwa kwa jina la mtu, labda kosa liwe lake mwenyewe. Hata ndugu zetu walioko Ulaya, ambako sheria humpa mnunuzi wa mtandaoni siku 14 za kubadili mawazo, hawana haki hiyo kwa bidhaa iliyotengenezwa kwa maelezo yao. Kosa hulipika kirahisi likiwa bado kwenye karatasi ya majaribio. Likishafika kwenye jalada gumu au kwenye shaba, bei yake ni bei ya kitu kizima.

Mwalimu wetu alianza kufundisha Tanga mwaka 1988, na mwaka 2025 alitimiza miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma. Sherehe ilipangwa Jumamosi, tarehe 28 Juni. Kundi letu la WhatsApp lilikubaliana zawadi mbili: albamu ya kurasa 40, na kengele ya mkono ya shaba ya njano iliyochongwa maneno, kwa sababu kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa akiigonga kengele ya asubuhi. Mimi naishi Dar es Salaam karibu na wachapaji, kwa hiyo nikakabidhiwa kazi. Ninayoyaeleza hapa ni yale niliyojifunza, mengine kwa kuambiwa na mafundi na mengine kwa kuumia.

Nilianza na kalenda, tena kwa kuhesabu kurudi nyuma. Sherehe ni tarehe 28, kwa hiyo nilitaka vitu viwe mkononi tarehe 21, ili basi la Tanga likichelewesha mzigo au ukurasa mmoja ukitoka vibaya, wiki nzima iwepo ya kujikwamua. Mchapaji alisema kazi yake ni siku tano. Nikamuuliza siku hizo zinaanza lini. Swali hilo watu wengi hawaliulizi, na jibu lake hubadili kila kitu: ni siku tano za kazi, na zinaanza kuhesabiwa pale mteja anapokuwa ameshaidhinisha prufu na kulipa malipo ya awali. Jumamosi na Jumapili hazimo. Idi el-Haji nayo iliangukia mwanzoni mwa Juni, na siku ya Idi hutegemea mwezi kuonekana, kwa hiyo huwezi kumbana mtu mapema kwa tarehe kamili. Ukijumlisha siku za kuchapa nakala ya majaribio, siku za kuisoma na kuirekebisha, na siku za kuchapa nakala zote, prufu ilipaswa kuwa imeidhinishwa kabla Mei haijaisha. Upangaji wa kurasa ungekula wiki mbili. Hivyo picha zote zilipaswa kunifikia ifikapo tarehe 3 Mei, na tangazo la kuziomba lilitoka mwanzoni mwa Aprili.

Picha ndizo zilizochukua muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Watu wazima wana shughuli zao. Mmoja yuko Maskati, mwingine yuko Songea, na picha zenyewe ziko kwa mama zao, ndani ya bahasha chini ya godoro. Anayetaka albamu ya namna hii awape watu mwezi mzima, awakumbushe kila wiki, na awatajie tarehe ya mwisho iliyo mapema kuliko ile ya kweli.

Wiki ya kwanza zilimiminika picha zaidi ya 60, nikafurahi. Furaha iliisha nilipozifungua kwenye kompyuta. Karibu zote zilikuwa zimetumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, na WhatsApp huibana picha ili isafiri kwa bando dogo. Picha iliyopigwa na simu ikiwa na upana wa pikseli 4,000 hufika ikiwa na kama 1,600 tu. Kwenye kioo cha simu huoni tofauti, kwa kuwa kioo chenyewe ni kidogo. Karatasi ndiyo inayoumbua.

Kuna hesabu ndogo iliyoniokoa, na haihitaji programu yoyote. Chukua idadi ya pikseli za upana wa picha, ugawanye kwa 120. Jibu ni upana, kwa sentimita, ambao picha hiyo itachapwa ikiwa safi kabisa. Ukigawanya kwa 80 unapata upana wa mwisho unaovumilika. Ukivuka hapo, nyuso zinaanza kuwa na ukungu na kingo za herufi zinavunjika. Picha ya pikseli 1,600 basi ni safi hadi sentimita 13, na inavumilika hadi 20. Ukurasa wa A4 uliolazwa una upana wa sentimita 29.7. Kwa hiyo picha ile inafaa nusu ya ukurasa, haifai ukurasa mzima, achilia mbali kurasa mbili. Ile ya pikseli 4,000 inafika sentimita 33 bila taabu.

Nikawaomba wote watume upya, safari hii kwa kubonyeza alama ya kuambatisha, kuchagua Document, kisha kuichagua picha humo. Ikitumwa kama faili, WhatsApp haiigusi. Inafika kama ilivyotoka. Kuna pia kitufe cha HD, ambacho ni nafuu kuliko njia ya kawaida lakini bado kinabana. Kosa jingine nililoliona mara nyingi ni mtu kupiga picha ya kioo cha simu yake badala ya kutuma picha yenyewe. Ukiona mistari myeusi juu na chini, au saa na alama ya betri pembeni, mrudishie atafute ile ya asili.

Picha za zamani zilihitaji njia nyingine. Nyingi zilikuwa zile ndogo za studio, sentimita 9 kwa 13. Vibanda vingi vya kuskani huweka skana kwenye 300, kipimo ambacho hutosha kuchapa picha kwa ukubwa ule ule iliokuwa nao. Sisi tulitaka kuzikuza, basi nikamwomba kijana wa dukani aweke 600, na picha ya sentimita 13 ikapata pikseli zaidi ya 3,000, za kutosha sentimita 25. Kupandisha juu zaidi ya hapo hakukusaidia kitu kwa picha zile. Skana ilinasa chembechembe za karatasi tu, sura hazikuongezeka chochote.

Picha moja, ya Mwalimu akiwa kijana na baiskeli yake, ilikuwa ndani ya fremu kwa mama mmoja mtaani, na unyevu wa pwani ulikuwa umeigandisha kwenye kioo. Huyo mama, Mungu ambariki, alitaka kuibandua kwa kisu. Nilimsihi, nikamwambia, "Mama, tafadhali iache palepale." Picha iliyoganda hubaki na ngozi yake kwenye kioo ukiivuta. Tulichofanya ni kuipeleka fremu karibu na dirisha, mwanga ukiingia kwa ubavu, tukaipiga kwa simu bila taa ya flashi. Kanga nyeusi ilishikwa nyuma ya simu, imetobolewa tundu dogo la kupitisha kamera, ili kioo kisiakisi sura zetu. Leo picha hiyo iko ukurasa wa 3, na sidhani kuna anayejua kwamba ilipigwa kupitia kioo.

Sasa nirudi kwenye mshono. Kitabu kilichogundishwa kwa gundi mgongoni hakifunguki bapa. Kila ukurasa hupoteza karibu sentimita moja upande wa ndani, na hivyo kitu chochote kilichopangwa katikati ya kurasa mbili huingia mtaroni. Kompyuta haioneshi hilo, kwa sababu yenyewe huziweka kurasa zikiwa zimenyooka kama meza. Zipo albamu za kurasa nene zinazofunguka bapa kabisa, zile za harusi, ambazo picha inaweza kuvuka katikati bila kuumia, lakini bei yake ni ya juu na kwa kurasa 40 kitabu kinakuwa kizito kama tofali. Sisi tuliiweka picha ya darasa ukurasa mmoja, kwa kulazwa. Nyuso zilikuwa ndogo zaidi, ila zote zilikuwepo, na ukurasa wa pili ukabaki na nafasi ya majina yote 45 kwa mistari, mstari wa nyuma juu na wa mbele chini.

Kingo za nje nazo zina hatari yake. Karatasi hukatwa baada ya kuchapwa, na kisu cha mashine hakipiti mahali pale pale kila mara. Kwa hiyo picha inayofika ukingoni hupangwa ikizidi ukurasa kwa milimita 3 kila upande, zikatwe na kutupwa. Usipofanya hivyo utaona mstari mweupe mwembamba pembeni. Na maneno au vichwa vya watu visikaribie ukingo kwa chini ya sentimita moja.

Nakala ya majaribio ilifichua jambo jingine lililonigusa zaidi. Nyuso zetu zilikuwa zimefifia kwenye giza. Kioo cha simu kinawaka kwa ndani, karatasi haiwaki. Kila picha hupungua mwanga ikichapwa, na sisi wenye ngozi nyeusi ndio tunaopoteza kwanza, hasa picha ikiwa imepigwa nje na anga jeupe nyuma. Shati linaonekana, meno yanaonekana, macho hayapo. Dawa yake si kuipandisha mwanga picha nzima, maana anga litageuka karatasi tupu. Sehemu zenye kivuli ndizo zinazoinuliwa peke yake, na programu nyingi za picha, hata za simu, zina kipimo cha kivuli kando ya kipimo cha mwanga. Kabla ya kuchapa upya, nilimlipa mchapaji atoe karatasi moja ya aina ile ile ya albamu ikiwa na picha nne ngumu kuliko zote. Nikaipeleka nje kwenye mwanga wa jua, kisha chini ya taa ya sebuleni. Gharama ya karatasi hiyo moja ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na nakala tatu.

Kuhusu majina, sikujiamini, na nashukuru sikujiamini. Katika orodha ya watu 45 kuna Saidi na Said, Fatuma na Fatma, Salim na Salum, na kila mmoja analijua jina lake kwa herufi zake. Simu zilizowekwa lugha ya Kiingereza hubadilisha maneno ya Kiswahili bila kuuliza. Nilimwomba kila mtu aliandike jina lake mwenyewe, nikayanakili kwa kubandika bila kuchapa upya hata moja. Kisha dada yangu alikaa na prufu iliyochapwa kwenye karatasi, mimi nikashika orodha ya asili. Yeye akasoma herufi moja moja kwa sauti, mimi nikafuata kwa kidole. Tulikuta makosa matatu ambayo macho yangu yalikuwa yameyapita mara nyingi. Aliyeandika maneno huwa anasoma alichokusudia, kwa hiyo msomaji wa prufu awe mtu mwingine. Tarehe nazo tuliziandika kwa jina la mwezi, "3 Aprili", kwa kuwa 3/4 kwa mwenzetu aliyezoea mtindo wa Marekani ni tarehe 4 Machi.

Kengele ilikuwa na masomo yake. Duka la kwanza nililokwenda lilikuwa na mashine ya leza ya gesi, nzuri sana kwa mbao, ngozi na glasi. Kijana akasema shaba pia inachongeka. Nikamwomba ajaribu ndani ya mdomo wa kengele, mahali pasipoonekana, na kweli herufi zikatokea, safi na zenye weupe wa kuvutia. Nilipofika nyumbani nikasugua mahali pale kwa ndimu na majivu, kama vyombo vya shaba vinavyosuguliwa pwani tangu zamani. Herufi zikaondoka zote. Leza ile haikuwa imeichonga shaba. Ilikuwa imeunguza vanishi iliyopakwa juu yake kiwandani. Mwalimu angeisugua kengele yake mara mbili tatu na jina lake lingepotea mbele ya macho yake.

Chuma kitupu na shaba huchongwa kwa leza ya faiba, au kwa mkono wa sonara. Hata leza ya faiba ina kazi za aina mbili: kubadili rangi ya juu tu, au kupita mara nyingi mpaka ichimbe. Kwa kitu kitakachosuguliwa, omba kuchimbwa, kisha pitisha ukucha juu ya herufi. Ukucha ukikwama, maandishi yana kina. Kwa kitu kilichopakwa dhahabu ni kinyume, kwani tabaka la dhahabu ni jembamba na ukichimba unakutana na madini ya chini yenye rangi nyingine. Mbao pia huchaguliwa kwa kazi. Mpingo ni mweusi tayari, hivyo maandishi ya kuunguza hayaonekani juu yake mpaka yachimbwe na kujazwa rangi.

Fundi wa pili, mwenye mashine inayofaa, aliniambia mambo mawili. Kwanza, maneno yetu yalikuwa mengi mno. Tulikuwa tumeandika shukrani ya mistari sita, ambayo ingelazimisha herufi za milimita 2, na mtu wa miaka 60 angehitaji miwani kuzisoma. Tukabakiza mistari miwili yenye herufi kubwa: MWALIMU WETU 1988–2025, na chini yake WANAFUNZI WA 1998. Shukrani ndefu tuliihamishia kwenye albamu, kwenye karatasi isiyobana.

Pili, kengele imepanuka kwenda chini, na leza huchonga vizuri kwenye umbali mmoja tu. Maneno yakizunguka sana, herufi za pembeni hufifia kwa kuwa ziko mbali na leza, na mstari ulionyooka kwenye kompyuta hupinda kama mwezi mchanga. Alichapa maneno kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, akayakata, akayabandika kwenye kengele kwa gundi ya karatasi. Tukasimama hatua mbili nyuma. Mstari ulikuwa umepinda kweli. Akaukunja kinyume kwenye kompyuta, akabandika tena, ukanyooka. Karatasi ile ndogo naipendekeza kwa kila mtu, iwe anachonga kikombe, saa au ubao wa jikoni.

Mwenzetu wa Maskati aliomba jina la Mwalimu liwekwe pia kwa herufi za Kiarabu, kwa kuwa alitufundisha wengi wetu Kurani jioni. Alilituma kama ujumbe wa kawaida, na programu ya fundi ikalipokea herufi zikiwa zimetengana, zimepangwa kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa asiyesoma Kiarabu lilionekana pambo zuri. Mimi nilisoma chuoni utotoni, nikaona kwamba si jina tena. Maandishi ya Kiarabu yatumwe yakiwa yameshageuzwa kuwa michoro ndani ya faili ya PDF, na lazima anayeyasoma ayaangalie mara ya mwisho kwenye kioo cha mashine yenyewe kabla kitufe hakijabonyezwa. Nilisimama pale mpaka mwisho.

Kuna swali moja nililouliza kabla ya kuikabidhi kengele: ukiiharibu, nani atailipa? Fundi alijibu wazi kwamba kitu cha mteja huchongwa kwa hatari ya mteja, na mafundi wengi ndivyo wanavyofanya kazi. Kwa kengele iliyonunuliwa dukani niliridhika, ingawa nilikuwa nimeshahakikisha kwamba duka lina nyingine. Kama ingekuwa sinia ya bibi, isiyo na ya pili, nisingeipeleka kwenye mashine. Ningechonga kibao kidogo cha shaba na kukiweka kando yake.

Vitu vilifika Tanga siku tano kabla ya sherehe. Mwalimu aliifungua albamu polepole, akapita ukurasa wa baiskeli akicheka, akafika kwenye picha ya darasa. Akaanza na mstari wa nyuma. Aliweka kidole kwenye kila uso, akataja jina kabla ya kuangalia ukurasa wa pili, na ukumbi mzima ukanyamaza kumsikiliza. Alikosea mawili. Wenye majina hayo walinyanyua mikono, naye akawaita mbele mmoja mmoja, akawataka wamtajie majina yao, herufi kwa herufi.